Walimu sita wapya na ratiba iliyokwisha kubandikwa: kisa cha mafunzo elekezi katika shule moja ya kata Tanga

Shule yenyewe ni sekondari ya kutwa, kusini mwa Jiji la Tanga, ukishika barabara ya Pangani. Mwanzoni mwa muhula wa pili, mwezi Julai, iliwapokea walimu sita wa ajira mpya kwa mkupuo: wawili wa Hisabati, mmoja wa Fizikia, mmoja wa Kemia, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Jiografia. Mkuu wa shule aliwakabidhi kwa ofisi ya taaluma, ambako mimi nilikuwa nikifanya kazi, akasema anataka mpango wa kuwalea utakaodumu mwaka mzima. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtumishi mpya wa umma hukaa kwenye majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini, kwa hiyo hicho ndicho kipindi ambacho shule inaweza kumjenga kabla tabia zake za darasani hazijaganda.

Shule haikuwa inaanzia sifuri, ilikuwa na jalada la mpango wa zamani. Tuliposoma fomu zake tuliona mengi. Fomu ya kuangalia somo ilikuwa na vipengele 24, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5, kuanzia "usafi wa mwalimu" hadi "matumizi ya zana", na chini yake mistari miwili ya maoni. Karibu kila mwalimu alikuwa na alama 4 kila mahali. Maoni yalikuwa "amejitahidi, aongeze bidii", na yalijirudia kwa mwandiko ule ule na kalamu ile ile kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Fomu mbili zilikuwa na tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, ambapo shule zote zimefungwa. Ukitaka kujua kama mpango wa ulezi unaishi au umekufa, anza na tarehe na wino. Fomu zilizojazwa kwa mkao mmoja mwisho wa muhula hujitaja zenyewe.

Lakini nisingependa msomaji afikiri kwamba walimu wale walikuwa wavivu. Tuliwauliza wawili waliokuwa walezi wakati ule, na wote walitoa jibu moja: hawakuwahi kupata saa ya kuketi na mwalimu mpya. Mlezi alipokuwa huru, mwenzake alikuwa darasani. Wote wawili walipokuwa huru, ilikuwa kipindi cha mwisho Ijumaa, na mmoja ameshaondoka kuelekea msikitini au kuwahi daladala. Kwa hiyo hatukuanza na fomu wala na semina. Tulianza na ratiba.

Ratiba ya shule ina vipindi 8 vya dakika 40 kwa siku, yaani 40 kwa wiki. Mwalimu mzoefu wa pale alikuwa na vipindi 24 na mwalimu mpya alipangiwa 26. Kwa haraka haraka mtu atasema mmoja ana nafasi 16 na mwingine 14, hivyo hawakosi kukutana. Ni kweli hukutana, mara tano au sita kwa wiki ukipiga hesabu ya wastani, ila nafasi hizo hutawanyika zinavyotaka, na huwa za kwanza kuliwa na kusahihisha madaftari, zamu, na kushika kipindi cha mwenzako mgonjwa. Zaidi ya hapo, ulezi unadai nafasi mbili za aina tofauti. Ya kwanza ni kipindi ambacho wote wako huru, wapate kuzungumza. Ya pili ni kipindi ambacho mwalimu mpya anafundisha mkondo fulani huku mlezi akiwa huru kwenda kuketi nyuma ya darasa, tena siku ambayo ile nafasi ya kuzungumza iko karibu. Nafasi hizo mbili hazijileti kwa bahati. Lazima zipangwe kwanza, ndipo vipindi vingine vizizunguke.

Ratiba ya Julai ilikuwa imeshabandikwa. Tulihamisha vipindi vichache tu, na kila jozi ya mlezi na mwalimu mpya ikapata kipindi kimoja kwa wiki cha kuzungumza, kilichoandikwa ML kwenye ratiba kuu, kama somo lingine lolote. Kuandikwa huko kuliwasaidia walezi kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wa zamu akitafuta mtu wa kushika darasa lisilo na mwalimu, hutazama ratiba. Akikuta pametupu anakuita, akikuta herufi anapita. Walezi walipunguziwa vipindi viwili kila mmoja, na walimu wapya wakashushwa kutoka 26 hadi 20 hadi mwisho wa Septemba. Swali likawa nani atabeba vile sita. Jibu lilikuwepo palepale: walimu hawa ni nyongeza, na hadi Juni vipindi hivyo vilikuwa na wenyewe. Wenye vipindi waliombwa waendelee navyo kwa muda badala ya kuvikabidhi vyote siku ya kwanza. Nafuu hiyo hupatikana mara moja tu, mwezi wa kuripoti. Mwalimu mpya akishakabidhiwa mzigo wote, hakuna atakayekubali kuurudisha.

Kuchagua walezi kulizua mjadala. Desturi ni kumpa mwalimu mpya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote, au mkuu wa idara ya somo lake. Tulikataa la pili kwa sababu ya wazi: mkuu wa idara ndiye atakayeulizwa mwalimu huyu anafanyaje kazi wakati wa kujaza tathmini ya utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi. Mtu hawezi kumfungulia moyo yule atakayempima. Mwalimu mpya anayejua kwamba maneno yake yataishia kwenye alama zake ataficha kile kinachomshinda, na ulezi unaishia hapo. Tulitafuta walimu wa somo lile lile, wasio na mamlaka juu ya mwenzao, ambao walikuwa tayari wao wenyewe kuangaliwa wakifundisha. Sharti hilo la mwisho liliwaondoa watu wawili waheshimiwa sana, na hatukulilegeza. Kwa Fizikia hatukumpata mtu, kwani shule haikuwa na mwingine aliyesomea somo hilo. Tulimwomba mwalimu wa shule jirani, akawa anakutana na mwenzake mara moja kwa mwezi walimu wa kata wanapokusanyika kwa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, na kati ya mikutano hiyo mwalimu wa Kemia mzoefu aliketi darasani mwake. Haikuwa sawa na kuwa na mlezi wa somo lako karibu, lakini haikuwa bure.

Wiki ya kwanza hatukumwangalia mtu yeyote darasani. Mtu aliyefika jana na begi moja kutoka Singida au Kagera ana akili yake kwenye chumba cha kupanga, pesa za kujikimu na namba ya hundi bila ambayo mshahara hautoki. Wiki hiyo ilihusu hayo, pamoja na mambo yasiyosubiri: muhtasari wa somo, azimio la kazi, lugha ya kufundishia, namna ya kujaza shajara ya somo, na kanuni za adhabu. Hili la adhabu tulilieleza bila kuzunguka. Viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, havizidi 4, na huandikwa kwenye kumbukumbu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa yeye anavunja kanuni, na ni vema ayasikie hayo siku ya pili kuliko mwezi wa tatu.

Wiki ya pili na ya tatu mwalimu mpya ndiye aliyeketi nyuma ya darasa la mlezi. Hakuambiwa "angalia somo linavyofundishwa". Alipewa kazi moja ndogo: kuandika wanachofanya wanafunzi katika dakika kumi za kwanza, bila kuandika neno lolote kuhusu mwalimu. Utaratibu huu una manufaa mawili. Unamzoesha mgeni kuangalia wanafunzi, na mlezi anakuwa ametangulia kuangaliwa, hivyo zamu ikigeuka hakuna anayejiona amewekwa kizimbani. Wiki ya nne waliandaa somo moja pamoja, andalio likiwa la wote wawili. Mzunguko wa kwanza wa uangalizi ulianza wiki ya tano.

Kila mzunguko ulikuwa na hatua nne: mazungumzo mafupi kabla ya somo, ambapo mwalimu mpya mwenyewe anasema anataka mlezi atazame nini, somo lenyewe la dakika 40, mrejesho siku hiyo hiyo au kesho yake, halafu, ndani ya wiki moja, mlezi anarudi dakika 15 kuona kile kimoja walichokubaliana kimefikia wapi. Hatua hii ya nne ndiyo mipango mingi huiacha. Bila kurudi, mrejesho unabaki kuwa maneno mazuri yaliyosemwa kwenye chumba cha maabara kisha yakasahauliwa.

Karatasi ya kuangalia somo tuliipunguza hadi safu tatu: dakika, alichosema au alichofanya mwalimu, walichofanya wanafunzi. Haina alama, na mlezi haruhusiwi kuandika neno la sifa wala la lawama. Akiandika "alichanganya darasa" tunamrudisha: aliyechanganyikiwa alifanya nini, ukajua? Fomu ya mrejesho ni nusu ukurasa, na hujazwa na mwalimu mpya, siyo mlezi:

Tulikubaliana kutazama: ______
Kilichoonekana (mambo mawili, kutoka kwenye karatasi ya uangalizi): ______
Hatua moja nitakayojaribu: ______
Darasa gani, kipindi gani, tarehe gani mlezi atarudi: ______

Nieleze jinsi ilivyofanya kazi kwa mmoja wao, mwalimu mpya wa Hisabati katika Kidato cha Pili, mkondo wenye wanafunzi 61. Kabla ya somo alimwambia mlezi wake, "Dada, naomba uangalie kama darasa linanifuata." Mlezi akamuuliza angejuaje kwamba linamfuata. Akasema, "Wananijibu." Basi wakakubaliana kuandika kila swali analouliza na anayelijibu.

Somo lilikuwa kufungua mabano. Dakika ya 6 aliandika ubaoni 3(x + 4) = 3x + 12, akaeleza vizuri, akauliza, "Tuko pamoja?" Darasa likaitika kwa sauti moja, "Ndiyooo." Dakika ya 9 akauliza tena, wakaitika tena. Kufikia dakika ya 20 karatasi ya mlezi ilikuwa na maswali 17. Kati ya hayo 11 yalikuwa ya aina ya "tuko pamoja", matano aliyajibu mwenyewe kabla hajapumua, na moja lilijibiwa na msichana wa dawati la mbele ambaye bila shaka alijua jibu tangu mwanzo. Zoezi lilipotolewa dakika ya 24, mlezi alipita taratibu kwenye safu iliyo upande wa dirisha, akatazama madaftari 14. Tisa yalikuwa na 5(x + 2) = 5x + 2. Namba ya nje ilikuwa imezidishwa mara moja tu, na kile kilichofuata kimeachwa vilevile.

Kwenye mrejesho mlezi hakusema somo lilikuwa baya, wala hakuanza na zile sifa tatu za kupoza kabla ya pigo. Aliweka karatasi mezani, akamwachia aisome. Mwalimu akasoma kimya, akarudi juu, akahesabu. Kisha akasema, "Kumbe kile kiitikio hakina habari yoyote ndani yake." Hapo kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Mlezi akauliza tu: madaftari tisa yale, ungependa uyaone dakika ya ngapi? Si dakika ya 24. Ilipaswa kuwa dakika ya 8, kabla ya mfano wa pili.

Hatua moja waliyoandika ilikuwa hii: baada ya mfano wa kwanza, kila mwanafunzi anafanya swali moja nyuma ya daftari, bila kuinua mkono, na mwalimu anapita safu mbili kabla ya kusema neno. Waliongeza kwamba akiuliza swali la mdomo atakaa kimya na kuhesabu hadi tatu moyoni. Hili la kungoja halikutungwa Tanga. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa muda wa kama sekunde moja tu, na kwamba wakifika sekunde 3 majibu yanakuwa marefu zaidi na wanafunzi wengi zaidi hujaribu. Katika sekondari zetu, ambako mtoto anatafsiri swali kutoka Kiingereza kichwani kabla hajaanza kulifikiria, sekunde hizo zina uzito wa ziada.

Mlezi aliporudi wiki iliyofuata swali la nyuma ya daftari lilikuwa -2(x - 5). Mwalimu alipita safu mbili na kukuta wengi wameandika -2x - 10. Alirudi ubaoni, hakuuliza kama wako pamoja. Aliandika majibu mawili, -2x - 10 na -2x + 10, akawaambia waweke 1 badala ya x katika swali na katika kila jibu, waone lipi linalingana. Swali lilitoa 8, jibu la kwanza likatoa -12 na la pili 8. Darasa lilichukua muda, na mfano wa tatu haukufikiwa. Hilo nalo liliandikwa kama lilivyo. Kuna bei: mwalimu anayekagua uelewa anakwenda polepole kuliko azimio la kazi, na ofisi ya taaluma lazima ikubali hivyo mapema, vinginevyo mlezi anamvuta huku na ofisi inamvuta kule.

Mvutano mkubwa ulikuja na mkuu wa shule. Aliomba, kwa nia njema kabisa, kuona fomu zote za mrejesho. Tulimweleza kwamba siku atakapoziona ndiyo siku zitakapoanza kuandikwa kwa ajili yake. Tulikubaliana hivi: fomu ya mrejesho inabaki kwa mwalimu mpya mwenyewe. Mkuu anapata ukurasa mmoja kila mwezi wenye tarehe tu: nani aliangaliwa lini, mrejesho ulikuwa lini, mlezi alirudi lini. Akiona pengo anauliza kuhusu pengo, siyo kuhusu somo. Tathmini yake ya kiutumishi anaifanya mwenyewe, kwa ziara yake, katika mwezi wa tisa wa majaribio, na mwalimu anaarifiwa kabla. Usiri una mpaka mmoja, na uliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango ili asiwepo wa kushtuka: lolote linalohusu usalama wa mwanafunzi, iwe kipigo au uhusiano usiofaa, linakwenda kwa mkuu siku hiyo hiyo.

Walimu wapya nao walikuwa na fomu yao kuhusu walezi, yenye maswali matatu tu, ikikusanywa na ofisi ya taaluma mwisho wa Septemba. Swali lililotufaa zaidi lilikuwa "Mara ya mwisho mlezi wako alikusaidia kitu gani hasa?" Watano walitaja kitu kinachoshikika: jinsi ya kugawa vikundi kwenye darasa lisilo na nafasi ya kusogeza madawati, jinsi ya kutunga swali la jaribio. Mmoja aliandika "ananitia moyo". Tulipouliza kwa upole, ikaonekana jozi ile ilikuwa inakutana lakini mlezi hakuwahi kuingia darasani, kwa kuona haya kumkagua mtu mzima mwenzake. Tulimbadilisha mlezi bila kelele.

Mzunguko wa pili ulikwenda wiki ya tisa kama ulivyopangwa. Wa tatu ulikuwa umeandikwa Oktoba, na Oktoba haikuwezekana. Wiki hizo kila mwalimu mzoefu yuko na Kidato cha Nne asubuhi, jioni na Jumamosi, kwa kuwa mtihani wa taifa uko Novemba, na Kidato cha Pili nao wana upimaji wao karibu na wakati huo. Jozi mbili zilijaribu, zikaahirisha, zikajaribu tena. Badala ya kuwabana walezi, tuliuhamishia mzunguko huo kwenye wiki za mwisho za Novemba, vipindi vya Kidato cha Nne vikiwa vimekwisha na walezi wana nafasi nyingi tupu, huku Kidato cha Kwanza na cha Tatu wakiendelea na masomo. Ratiba ya mlezi wakati huo ina nafasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kwa Januari kilichobadilika ni mpangilio wa kazi. Kabla mtu wa ratiba hajaingiza kipindi hata kimoja cha somo, anapewa orodha ya jozi na kuweka ML zote kwanza, moja kwa kila jozi, zikiwa kati ya Jumatatu na Alhamisi na zisiwe kipindi cha mwisho. Baada ya hapo anahakikisha kwamba siku hiyo, kabla ya kipindi cha ML, mwalimu mpya anafundisha mkondo mmoja wakati mlezi yuko huru. Oktoba imeachwa tupu. Mzigo wa walimu wale sita umepanda hadi 24, vipindi viwili pungufu ya ule waliopangiwa mwanzoni, na utabaki hapo hadi miezi yao 12 itakapotimia mwezi Julai.